Mapengo Manne ya Mama

Mama yangu alikuwa na mapengo manne kinywani, na kila pengo lilikuwa na mwenyewe. La juu kulia lilikuwa la kaka mkubwa. La chini yake lilikuwa la kaka wa pili, ambaye kwa ubishi wake mama alisema alistahili mawili. Langu mimi, kitinda mimba, lilikuwa chini kushoto. Utotoni nilikuwa namwomba anionyeshe, naye aliacha kazi, akapiga magoti mbele yangu, akafungua kinywa, akaligusa kwa ncha ya ulimi ili nisilikosee. Mimi nilitosheka, nikarudi kucheza.

La nne, lililotangulia yote, lilikuwa juu kushoto, na hilo lilikuwa la mtoto wake wa kwanza aliyeishi siku sita. Walikuwa hawajampa jina. Hakuna aliyempiga picha, na nguo zake zilivaliwa na sisi tuliofuata mpaka zikachakaa. Mama alikuwa akisema kwamba watoto wote wanne walimchukulia jino mojamoja wakiwa tumboni, na alisema kwa fahari kabisa, bila kuona haya. Alikuwa akicheka kinywa wazi, na mtu aliyeuliza kuhusu mapengo alijuta, maana alisimuliwa uzazi wa wote wanne bila kuachiwa nafasi ya kuaga.

Najua leo kwamba haikuwa kweli. Mimi ndiye niliyemwambia, na namna nilivyomwambia bado inanichoma.

Mama alikuwa msusi. Saluni yake ilikuwa chumba kimoja chenye mlango wa bati uliopakwa rangi ya kijani, viti viwili vya kuzunguka ambavyo kimoja kilikuwa kimeacha kuzunguka, beseni la kuoshea lenye ufa mdogo pembeni, na benchi la wanaosubiri. Mimi nilikua juu ya lile benchi. Nililala hapo, nikafanya hesabu za shule hapo, nikasikia hapo mambo ambayo mtoto hapaswi kuyasikia. Nikifumba macho sasa hivi nasikia harufu ya sabuni ya nywele na mafuta yaliyopashwa moto, na redio ikikwaruza juu ya kabati, na mama akimwambia mtu ainamishe kichwa. Siku hizi nina saluni yangu yenye vioo mpaka darini, viti sita, vyote vinazunguka. Naipenda, lakini nikiulizwa saluni ni nini, mimi huona ule mlango wa kijani.

Watu walimwita Mama Kitana, kwa sababu ya tabia yake moja. Kabla hajamsuka mtu alizichana nywele zote taratibu, kisha akakiinua kitana dirishani akakitazama. Alikuwa anaangalia nywele zilizobaki kwenye meno yake. Kichwa chenye afya hudondosha nywele kila siku, alisema, za zamani zinaondoka ili mpya zipate nafasi, kwa hiyo kitana hakitoki kitupu. Kikitoka karibu kitupu mara mbili tatu mfululizo, mama alinyamaza, akamsuka yule mteja bila kumbana, na baadaye akaninong'oneza kwamba huyo ni mjamzito. Wengine walikuwa hawajawaambia hata waume zao. Sikumbuki alikosea zaidi ya mara mbili, na hizo mbili mpaka kesho angekubishia.

Ndivyo alivyonigundua na mimi. Nilikuwa nimeshaolewa, nafanya kazi naye kwenye kile kiti kisichozunguka, na jioni moja baada ya wateja alinikalisha anichane. Akakitazama kitana, akakitazama tena, akakaa kwenye benchi. Akaniuliza ni miezi mingapi. Nikamwambia ninakaribia wa nne, na kwamba nilikuwa natafuta siku nzuri ya kumwambia. Akasema nywele zangu hazikuwa na subira kama mimi. Tulicheka mpaka fundi cherehani wa chumba cha pili akagonga ukuta kuuliza kuna nini.

Kuanzia hapo nilikuwa mikononi mwake, na mikono ile ilijua. Aliniambia nywele zitakuwa nzito kuliko nilivyowahi kuwa nazo, na zikawa. Aliniambia nisijione malkia, kwa sababu si nywele mpya zilizoota, ni za zamani ambazo zimekataa kuondoka, na miezi mitatu minne baada ya kujifungua zitaondoka zote kwa pamoja, nami nitalia. Akanionya nisije nikazisuka kwa kuzivuta wakati huo, nizingoje tu, zitarudi kabla mtoto hajamaliza mwaka. Dawa ya kulainisha nywele hakunipaka. Alisema ngozi ya kichwa ya mjamzito ina hasira, na nywele zenyewe zinakuwa zimegeuka, hazipokei dawa kama ulivyozizoea.

Kucha nazo alizisoma. Zilikuwa zinakua haraka hadi nikazikata kila wiki, lakini zilikuwa laini, zinachanika kwa tabaka, na juu yake zikaingia mistari midogo iliyokingama. Niliogopa. Mama akazikata fupi, akazipaka mafuta kuanzia kwenye nyama ya pembeni, akanikataza kucha za kubandika na akaninunulia glavu za kuoshea vichwa vya wateja. Alisema mwili unakimbia kwa sababu una kazi ya watu wawili, na kitu kinachotengenezwa mbiombio hakiwi imara. Nilipokwenda kliniki ya wajawazito nikamuuliza mkunga, akaniambia jambo lilelile kwa lugha ya darasani. Ni homoni, alisema. Zinapanda sana wakati wa ujauzito, zinazifanya nywele zikae kwenye kipindi cha kukua badala ya kupumzika na kudondoka, na kucha zinakwenda mbio vilevile. Homoni zikishuka baada ya kujifungua, nywele zilizochelewa zinaanguka. Nikarudi nikamwambia mama kwamba hospitali wamekubali maneno yake. Akasema walichelewa.

Nayaeleza haya yote ili ieleweke kwa nini nilimwamini kuhusu meno.

Mwezi wa tano fizi zangu zilianza kutoka damu. Nilitema kwenye sinki asubuhi, povu likawa la rangi ya waridi, na kesho yake jekundu. Fizi zilikuwa zimevimba, zinang'aa, na zikiguswa kidogo tu zinachuruzika. Nilikwenda saluni nikamwonyesha mama. Hakushtuka hata kidogo. Alisema ndivyo zilivyokuwa zake, mara zote nne, mtoto anaanza kuvuta jino lake. Akaniambia nikae mbali na mswaki, maana kidonda hakichokonolewi. Nisukutue kwa maji ya chumvi tu, nizipumzishe fizi mpaka nijifungue, na kama mtoto atachukua jino, basi namwachia, ni moja tu.

Nami nikauweka mswaki kwenye kikombe, nikautazama tu.

Ilikuwa rahisi, maana mswaki ulikuwa unanitia kichefuchefu. Bado nilikuwa natapika asubuhi, na siku nyingine jioni. Kwa wiki tatu nilisukutua maji ya chumvi kwa uaminifu kama mwanafunzi mzuri. Damu haikupungua. Iliongezeka, ikawa inakuja yenyewe nikila mkate, nikaikuta kwenye mto nikiamka. Pumzi yangu iliniaibisha mwenyewe, na msusi anafanya kazi uso kwa uso na watu. Halafu kati ya meno mawili ya mbele, juu, kikaota kinundu. Kilikuwa chekundu sana, kama punje ya njegere, na kilitoka damu kwa kuguswa na ulimi tu. Nilijiambia ni jino linaanza kuondoka. Usiku uliofuata nilijiambia ni kansa. Mume wangu alinikuta nalia mbele ya kioo, naye akataka twende hospitali saa ileile, nikamwambia aniache, mama anajua.

Aliyeniokoa ni yule mkunga. Siku ya kliniki nilikohoa, nikafuta mdomo kwa leso, akaiona ile damu. Hakunisema. Aliandika kikaratasi, akanishika mkono, akanivusha korido mpaka chumba cha meno, akanikabidhi kama mzigo wa dhamana.

Daktari wa meno alikuwa dada mrefu, mpole, mwenye miwani aliyoifunga kwa kamba. Alinilaza kwenye kiti chake kirefu, akakunja shuka akaliweka chini ya nyonga yangu ya kulia ili niegemee kushoto, mtoto asilale juu ya mshipa mkubwa wa mama yake. Kisha akatazama, akiwasha na kuzima taa, na akaniuliza mara ya mwisho nilipiga mswaki lini. Nikamwambia wiki tatu. Akasema nilipumzika vya kutosha.

Alinipa kioo kidogo cha mkononi, akanionyesha kwenye shina la kila jino, pembeni ya ufizi, utando wa manjano. Huo ni ukoga, alisema, una vijidudu, na kila mtu anao, hata yeye. Kwa mtu asiye mjamzito, fizi zingenung'unika kidogo tu. Kwa mjamzito, homoni zilezile zinazonenepesha nywele zinaongeza damu kwenye fizi na kuzifanya zikasirike kupita kiasi kwa uchafu mdogo. Ndiyo maana zinavimba na kutoka damu. Mswaki hausababishi damu, ukoga ndio unaoisababisha, na mtu akiacha mswaki kwa kuogopa damu anauachia ukoga nyumba. Kinundu nacho si kansa, ni uvimbe unaowatokea baadhi ya wajawazito mahali penye ukoga, na mara nyingi unanywea wenyewe baada ya kujifungua. Ukizidi kusumbua, unakatwa.

Nikamuuliza mtoto wangu amechukua jino lipi.

Hakucheka. Aliweka chombo chake kwenye sinia na kusema, "Mtoto hachukui jino, dada yangu. Madini ya kujengea mifupa yake yanatoka kwenye chakula chako, na kikipungua yanachotwa kwenye mifupa yako. Kwenye meno hayatoki. Meno ya wajawazito yanapotea kwa sababu yanaachwa machafu, au kwa sababu ya tindikali ya matapishi, au fizi zinaumwa mpaka zinaliachia jino. Nani alikuambia mtoto anachukua?"

Nikasema ni watu tu.

Alinisafisha siku ile, akabandua ukoga uliogeuka kuwa gamba gumu ambalo mswaki hauliwezi. Niliogopa, nikauliza kama kunafaa kufanyiwa hivyo nikiwa na tumbo. Akasema wakati wowote wa ujauzito kunafaa, miezi ya kati tu ndiyo yenye starehe zaidi ya kulala kitini, na hata kung'oa jino au kuziba, hata sindano ya ganzi, hakungoji mtoto azaliwe kama jino linauma. Akanipa mswaki laini, akanishika mkono akanifundisha kuulaza kwenye ukingo wa ufizi, kuuzungusha taratibu bila kukwangua, dakika mbili, asubuhi na kabla ya kulala, na dawa ya meno yenye floraidi. Akanionyesha kupitisha uzi wa meno katikati. Kisha akanieleza jambo ambalo sikulijua kabisa: nikitapika nisikimbilie mswaki, kwa sababu tindikali inakuwa imelilainisha jino na mswaki unalikwangua. Nisukutue kwanza maji yenye kijiko kidogo cha soda ya kuokea mikate, ningoje kama saa nzima, ndipo nipige mswaki. Na kama povu linanitia kichefuchefu, nichukue dawa kidogo sana na mswaki wa kichwa kidogo, au nibadilishe saa ya kupiga.

Niliporudi saluni, mama aliniuliza kliniki wamesemaje. Nikamwambia kila kitu kiko sawa.

Siku ya tano damu ilikuwa imepungua, na wiki ya pili ilikuwa matone tu. Mama akaliona hilo akafurahi, akadhani ni maji yake ya chumvi. Sikumsahihisha. Nilikuwa naona pengo la juu kushoto kila alipocheka, na sikuweza. Yangu mimi na kaka zangu sikujali, sisi tulikuwa hai, tulikuwa tunamsumbua bado. Lakini yule wa siku sita alikuwa na nini kingine hapa duniani? Nikaona afadhali nijifanye sijui, nipige mswaki wangu nyumbani kimyakimya, mama abaki na watoto wake wanne.

Ningefanikiwa, kama si fundi cherehani.

Alikuwa binti wa miaka ishirini na miwili, mwenye sindano mdomoni kutwa nzima, na mama alikuwa amemsoma kwa kitana wiki mbili nyuma. Siku hiyo alikaa kwenye kiti kinachozunguka, akalalamika kwamba akitema kuna damu. Mama, mikono ikiwa ndani ya nywele zake, akaanza. Mtoto anavuta jino lake. Weka mswaki mbali. Maji ya chumvi, basi, fizi zipumzike. Na binti akawa anaitikia kila neno, ndiyo mama, ndiyo mama, kwa sauti ileile niliyoitikia mimi. Kulikuwa na wateja wawili kwenye benchi. Mmoja naye alikuwa na tumbo, akatikisa kichwa kukubali.

Mimi nina hasira za karibu, sikatai. Nilikuwa nimesimama na beseni mikononi, na wiki zote zile za damu na kulia mbele ya kioo zikanipanda kichwani. Nilifikiri pia ni wangapi wameketi kwenye kiti kile kwa miaka thelathini. Ningeweza kungoja dakika kumi. Ningeweza kumfuata fundi chumbani kwake jioni. Sikufanya lolote kati ya hayo.

"Mama, acha," nilisema. "Hakuna mtoto anayechukua jino. Meno yako yaliharibika kwa sababu uliacha kupiga mswaki."

Redio iliendelea kukwaruza. Mama alikuwa ameshika fungu la nywele, hakuliachia. Alinitazama kwenye kioo, hakugeuka.

"Yote?"

"Yote."

"Hata la yule wa kwanza?"

Nilikuwa na nafasi ya mwisho pale, naijua mpaka leo ilivyokuwa na upana gani. Nikasema, "Hata la yule wa kwanza."

Alimaliza kumsuka fundi. Alimsuka vizuri, mistari imenyooka kama kawaida yake. Wateja wa benchi wakakumbuka kila mmoja ana safari. Mama akafagia, akakunja taulo, akachukua mkoba, akaniambia nifunge mlango.

Kwa siku tisa alizungumza nami mambo ya kazi tu. Nipe pini. Maji yamechemka. Na kwa siku hizo tisa hakucheka, akawa anaongea midomo imebanwa, mama yangu huyu ambaye kicheko chake kilikuwa kinasikika ng'ambo ya barabara. Nilijua nimekizima mimi. Fundi cherehani, ambaye nilikuwa nimempeleka chumba cha meno kesho yake, alikuja kunishukuru kwa siri.

Siku ya kumi mama alikuja saluni amevaa kitenge chake kizuri. Akasema nimpeleke kwa huyo daktari wangu.

Tulikwenda kwa miguu. Kwenye kile kiti kirefu alilala ameshika mkoba wake kifuani kwa mikono miwili, na daktari hakumwomba auweke chini. Alimtazama meno yote, taratibu, kisha akamwinua akae kabla ya kuongea. Mama akamwambia ana swali moja tu. Akaligusa lile pengo la juu kushoto kwa kidole, akauliza kama kuna namna yoyote, hata ndogo, mtoto awe amelichukua.

Daktari alikaa kwenye kigoda chake wakawa sawa kimo. Akamwomba amsimulie jino lile lilivyotoka. Mama akasimulia, na mimi nilikuwa sijawahi kulisikia kwa urefu huo. Alikuwa na miaka kumi na tisa. Alitapika miezi sita. Fizi zilipotoka damu, mama yake mzazi alimnyang'anya mswaki kwa huruma. Jino likaanza kuuma mwezi wa nane, watu wakamwambia mjamzito hang'olewi, akavumilia, shavu likavimba. Alijifungua Jumatatu. Jumapili mtoto akaenda. Jumatano iliyofuata alikwenda kung'olewa, na anakumbuka alilia sana kwenye kile chumba, na aliyemng'oa akadhani analilia jino.

Daktari alivua miwani. Akamwambia kwamba kwa maelezo hayo jino lilioza, na mtoto hakulichukua, na hakuna awezaye kusema leo kwamba jino lilimdhuru mtoto, kwa hiyo asijibebeshe na hilo. Kisha akasema, "Hukufanya uzembe, mama. Ukiona damu unaacha kugusa, ndivyo mtu mwenye akili anavyofanya kwa kidonda chochote. Kwenye fizi tu ndiko mambo yanakwenda kinyume, na hakuna aliyekuambia."

"Hakuna aliyeniambia," mama alirudia.

Akasafishwa meno yaliyobaki. Alipotakiwa kufikiria meno ya bandia alisema atafikiria, na sote tulijua maana yake. Barabarani nilimshika mkono, nikamwambia anisamehe.

"Ulichosema ni kweli," alisema. "Niombe radhi kwa kukisema mbele ya watu."

Nikaomba radhi kwa hilo, palepale, karibu na kituo cha mafuta, watu wakipita. Akanifuta uso kwa ncha ya kitenge na kuniambia nisilie barabarani na tumbo lile, watu watadhani amenipiga.

Nilijifungua mtoto wa kike, mzima, mwenye makelele. Kinundu changu kilinywea ndani ya wiki chache, na meno yangu yote yapo kinywani mpaka ninapoandika haya. Mwezi wa nne nywele zikaanza kuanguka, kwa mafungu, kwenye mto, kwenye sinki, mpaka kwenye ngumi ya mtoto. Nilikuwa nimeambiwa na mkunga, nimeambiwa na mama, nikalia hivyohivyo. Mama akanikalisha kwenye kiti kinachozunguka akazichana, kitana kikajaa, akakisafisha, akachana tena. Hakuzisuka. Alizilaza tu kwa mafuta, akaniambia ziache ziende, nyingine ziko chini zinaota.

Alikuwa ameanza kucheka tena, lakini si kwa upana ule. Kuhusu wajawazito hakuwa amesema kitu tangu siku ile. Alisoma kitana, akanyamaza, akasuka. Mimi ndiye niliyekuwa nikiwaambia kuhusu mswaki laini na soda ya kuokea, yeye akawa anatoka nje kumwaga maji. Nilifikiri ndivyo itakavyokuwa.

Jioni hiyohiyo ya kuchanwa, mimi nikiwa bado kitini na mtoto amelala kwenye lile benchi, aliingia karani wa posta, mjamzito wa miezi sita, kuuliza kama amechelewa. Aliketi kusubiri. Alifungua pakiti ya biskuti, akauma moja, na biskuti ikabaki na doa jekundu. Akaificha haraka. Mimi nilifungua mdomo, lakini mkono wa mama ukanibonyeza bega.

Akamwambia asione aibu, ni fizi, ni homoni na ukoga, na zitapoa. Akamwambia asiuache mswaki hata zikitoka damu, achukue ulio laini, aulaze hapa, hivi, na akaonyesha kwa kidole kwenye kinywa chake mwenyewe, akifungua kama alivyokuwa akifungua zamani. Amwone daktari wa meno, tumbo si kizuizi. Alikuwa anakumbuka kila neno. Karani alisikiliza, na kisha macho yake yakakaa kwenye yale mapengo, akauliza kwa adabu kama na hayo yalitokana na uzazi.

"Hapana," mama alisema. "Niliacha mswaki, yakaoza. Watoto nilikuwa nawasingizia tu."

Akaendelea kunichana. Kitana kilikwenda mpaka mwisho wa nywele, kikarudi. Nilimwona kwenye kioo, alikuwa hamtazami karani wala mimi.

"Hawa walio hai nilikuwa nawatania," alisema. "Ila yule wa kwanza, nilitaka tu awe ameondoka na kitu changu."